Kutoka Fundi Cherehani Hadi Biashara Iliyosajiliwa: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kwa Fundi wa Tanzania

"Dada, kwa mwaka unauza kiasi gani?"

"Inategemea, kaka."

Mafundi wengi hukwamia hapo. Fomu yenyewe haina ugumu, na siku hizi sehemu kubwa inajazwa kwa simu. Wanakwama kwa sababu wamefika mbele ya ofisa wa kodi bila namba yao wenyewe mkononi, naye ofisa anakadiria. Mwezi mmoja baadaye nasikia malalamiko yaleyale: "Wamenibambikia." Mara nyingi hawakubambika chochote. Fundi hakuwa na daftari, na sheria ina kiwango chake kwa asiye na daftari, ambacho ni kikubwa zaidi.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzii ofisini. Unaanzia mezani, kwenye daftari, na ofisini tutafika hatua ya tatu. Mfano ni wa fundi cherehani mwenye fremu moja mjini Morogoro, cherehani mbili za kawaida na ovaloki moja, anayetaka kuacha kutegemea nguo mojamoja na kuchukua oda za sare za shule. Msusi na fundi magari watapita njia hiyohiyo. Kitakachobadilika ni gharama tu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Namba ya NIDA (kadi hata kama haijatoka, namba inatosha kuanzia)
- Namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, na barua pepe ambayo nywila yake unaikumbuka
- Mkataba wa pango wa maandishi, wenye jina lako na kiasi cha pango
- Daftari kubwa mbili na kitabu cha stakabadhi
- Saa, au simu yenye saa, ya kupimia muda wa kushona

Barua pepe ifungue mwenyewe. Ukifunguliwa na kijana wa steshenari, yeye ndiye atakayebaki na nywila, na mwaka ujao utamtafuta mtaa mzima.

## Hatua ya 1: Andika mauzo kwa miezi mitatu

Daftari la kwanza ni la kazi. Chora safu hizi: tarehe, jina la mteja, nguo, ufundi, vitu nilivyonunua mimi, kianzio, baki, siku ya kukabidhi. Daftari la pili ni la matumizi: uzi, vifungo, zipu, sindano, umeme, pango, chakula cha msaidizi. Kila siku jioni, kabla ya kufunga fremu, hesabu pesa iliyomo na uilinganishe na daftari.

Ufundi na vitu ulivyonunua vinakaa kwenye safu mbili tofauti kwa sababu vitakuja kuleta tofauti kwenye kodi yako. Tutaona hatua ya sita. Fundi anayeandika "gauni 35,000" bila kusema kwamba 18,000 ilikuwa ya kitambaa alichonunua yeye, hajui anapata nini.

Tahadhari moja: pesa ya nyumbani. Ukichukua 10,000 ya mboga, iandike "nimechukua", usiifiche ndani ya matumizi ya kazi. Si kosa kuchukua, ila isipoandikwa utadhani uzi umepanda bei.

Fundi wetu aliandika hivi: mwezi wa kwanza 720,000, wa pili 690,000, wa tatu 990,000 kwa sababu uliangukia Idd. Wengi wangejumlisha wapate 2,400,000, wazidishe mara nne, waseme 9,600,000 kwa mwaka. Hapo wamejiongezea mauzo, maana Idd haiji kila baada ya miezi mitatu. Hesabu nzuri zaidi ni kuchukua wastani wa miezi ya kawaida, 705,000, mara 12, upate 8,460,000. Kisha ongeza nyongeza ya msimu, 285,000, kwa misimu mitatu anayoijua: Idd mbili na Desemba. Jumla ni 9,315,000. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo.

Utajuaje umefaulu: kwa wiki mbili mfululizo pesa iliyopo na daftari vinapishana kwa elfu mbili tatu tu, na unajua zimekwenda wapi.

## Hatua ya 2: Jua saa yako moja inagharimu kiasi gani

Ujuzi huu ndio unaomtenganisha fundi na mwenye biashara, nao haufundishwi kwenye cherehani. Wengi wetu tulirithi bei ya mtaa: jirani anashona shati kwa kiasi fulani, nasi tunapunguza mia tano.

Jumlisha gharama za fremu kwa mwezi. Kwa fundi wetu: pango 80,000, umeme 30,000, sindano na matengenezo ya cherehani 15,000, kodi na leseni kwa kugawa miezi 12, karibu 25,000. Jumla 150,000.

Kisha hesabu saa za kushona kwelikweli. Unafungua saa mbili asubuhi na kufunga saa kumi na mbili jioni, lakini kuna wateja wa kupima, kwenda dukani, umeme kukatika, na maongezi. Saa sita kwa siku ni makadirio ya haki. Siku 26 mara saa 6 ni saa 156. Gawa 150,000 kwa 156: kama shilingi 1,000 kwa saa. Sasa weka mshahara wako. Fundi wetu akitaka 400,000 kwa mwezi, hiyo ni kama 2,600 kwa saa. Saa moja ya fremu hiyo inagharimu 3,600.

Tuchukue shati la shule la mikono mifupi, mita moja ya kitambaa. Kitambaa 4,500, uzi, vifungo na kitambaa cha kukazia kola 700. Likishonwa peke yake, kukata, kushona, vifungo na pasi huchukua dakika 85, yaani 5,100. Jumla 10,300. Ongeza asilimia 5 ya makosa na marudio, unafika kama 10,800. Ongeza faida asilimia 10, bei ni karibu 12,000. Mtaani kwake shati hilo lilikuwa 8,500, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akikata pengo hilo kwenye mshahara wake mwenyewe bila kujua.

Oda ya mashati 60 ni habari nyingine. Kitambaa kinapangwa kwa tabaka na kukatwa kwa pamoja, kola zote zinashonwa kwa mkupuo, kisha mikono yote, kisha pembeni kwa ovaloki. Ukipima kwa saa, shati moja linashuka hadi karibu dakika 60. Hesabu inakuwa 5,200 ya vifaa na 3,600 ya muda, 8,800. Pamoja na makosa na faida, 10,200.

Usipange bei ya jumla kwa kukisia kwamba mashati mengi yana nafuu. Shona 5 kwanza kwa mtindo wa mkupuo, pima muda, ndipo useme bei. Asiyezoea kupanga tabaka hugundua kwamba la chini limeteleza sentimita mbili na mashati kumi yana bega moja fupi. Bana tabaka kwa vibanio pembeni, na usizidishe tabaka nane kwa mkasi wa mkono.

Utajuaje umefaulu: mteja akiuliza "mbona ghali?", unamweleza bei kwa vipande vyake bila kutetereka, na unajua ni wapi unaweza kupunguza na wapi huwezi.

## Hatua ya 3: Sajili jina la biashara BRELA

Usajili unafanyika kwenye mfumo wa mtandaoni wa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara: `ors.brela.go.tz`. Unafungua akaunti kwa namba ya NIDA. Mfumo unaweza kukuuliza maswali ya kukuthibitisha, kama jina la mama au shule ya msingi. Jibu kama ulivyoandika kwenye fomu ya NIDA, hata kama uliandika vibaya. Wengi hukwama hapa: kule waliandika jina la mama la utani, leo wanaandika la ubatizo.

Kwanza tafuta kama jina unalolitaka limeshachukuliwa. Majina kama "Fashion" na "Tailoring Mart" yamejaa, kwa hiyo tafuta neno la kwako na uongeze kazi yako: jina la kijiji cha bibi yako pamoja na "Mavazi" hupita kirahisi kuliko "Smart". Andaa matatu.

Mfumo utakutaka uchague shughuli kwa msimbo. Kushona nguo mpya, zikiwemo za kupima mtu mmojammoja, ni 1410. Kurekebisha na kupunguza nguo ni 9529. Kuuza nguo dukani ni 4771. Chagua unachofanya kweli. Fundi anayechagua 4771 kwa sababu ameona neno nguo ameandikwa kama duka, na baadaye leseni itamfuata kwa msingi wa duka.

Ukimaliza kujaza, unapakua fomu iliyojumlishwa, unatia saini, unaipiga picha safi na kuipandisha tena. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Baada ya hapo ingia kwenye akaunti yako kila baada ya siku mbili, kwa maana ombi linaweza kurudishwa na maelezo, nalo litakaa hapo likikusubiri wewe huku ukidhani unawasubiri wao.

Je, ufungue kampuni badala ya jina la biashara? Kwa fremu moja, hapana. Jina la biashara halikutenganishi na madeni ya biashara, hilo ni kweli. Lakini kodi nyepesi ya wafanyabiashara wadogo ni ya watu binafsi tu. Kampuni inadaiwa hesabu zilizoandaliwa na mhasibu tangu siku ya kwanza, hata kama imeshona kanzu mbili.

Utajuaje umefaulu: una cheti cha usajili chenye namba, na jina kwenye cheti linafanana herufi kwa herufi na lile utakaloandika kila mahali baadaye.

## Hatua ya 4: TIN na makadirio ya kodi

TIN, yaani namba ya mlipakodi, inatolewa bure na TRA. Kabla ya kuomba, jiulize kama unayo tayari. Waliowahi kuchukua leseni ya udereva wengi wana TIN isiyo ya biashara. Mtu mmoja ana TIN moja tu. Omba ile ya zamani igeuzwe kuwa ya biashara na iongezewe jina la biashara. Ukiomba mpya, mfumo utagoma, na wewe utadhani umefungiwa.

Kisha kuna makadirio, na hapa daftari la hatua ya kwanza ndilo linalofanya kazi. Kwa mauzo ya zaidi ya milioni 7 hadi milioni 11 kwa mwaka, asiye na kumbukumbu hulipa 250,000. Mwenye kumbukumbu hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Fundi wetu mwenye 9,315,000 atalipa 90,000 na 69,450, jumla 159,450. Daftari lake la elfu chache limemwokolea 90,550 kwa mwaka. Viwango hupitiwa kwenye bajeti ya kila Juni, kwa hiyo uliza vya mwaka wako. Anayeuza chini ya milioni 4 hayumo kwenye kodi hii.

Malipo ni kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kwake kila awamu ni chini kidogo ya 40,000. Weka kando 3,100 kila wiki, hutaihisi.

Sasa pango, jambo ambalo hakuna anayemwambia fundi mpaka afike dirishani. Ofisa ataomba mkataba. Mkataba unatozwa ushuru wa stempu asilimia 1 ya pango, na mpangaji wa fremu ya biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio na kuiwasilisha TRA. Kwa pango la 960,000 kwa mwaka, zuio ni 96,000 na stempu 9,600.

Kisheria zuio hilo ni kodi ya mwenye nyumba, inakatwa kwenye pesa yake. Lakini mzee mwenye fremu atakwambia, "Mimi nataka elfu themanini yangu mkononi." Ukikubali, jua kwamba 80,000 hiyo imekuwa asilimia 90 tu ya pango, na pango lako halisi ni kama 88,900, na urudi hatua ya pili ubadilishe hesabu ya saa. Zungumza naye kabla ya kusaini na uandike kwenye mkataba nani anabeba nini. Ukishasaini bila kulitaja, nguvu zako zimeisha.

Utajuaje umefaulu: una cheti cha TIN chenye jina la biashara, karatasi ya makadirio inayolingana na daftari, na cheti cha kutokuwa na deni la kodi.

## Hatua ya 5: Leseni ya biashara

Leseni ya fundi hutolewa na halmashauri, na maombi yanapita kwenye mfumo wa Tausi, `tausi.tamisemi.go.tz`. Utahitaji vile ulivyokwisha kuvipata: NIDA, TIN, cheti cha BRELA, mkataba wa pango na cheti cha kutodaiwa kodi. Ukifuata mpangilio huu hakuna la ziada. Anayeanzia leseni kabla ya TIN hurudishwa, na hilo ndilo zunguko linalowachosha wengi.

Leseni inadumu miezi 12 tangu siku ilipotolewa, si hadi Desemba. Andika tarehe hiyo ukutani, chini ya fremu ya leseni yenyewe.

## Hatua ya 6: Oda ya kwanza ya maandishi

Shule inahitaji mashati 60. Sasa una karatasi zote, na unaweza kutoa ankara yenye jina la biashara na TIN. Kabla ya ankara, shona sampuli moja, mkuu wa shule aikubali na kutia saini kwenye karatasi iliyobanwa nayo kwa pini. Sampuli hiyo ndiyo shahidi wako watakapokuja kusema rangi si hii.

Muda: mashati 60 kwa saa moja kila moja ni saa 60, siku 10 za kazi kama hufanyi kingine. Lakini una wateja wengine. Ahidi wiki tatu. Sifa ya mafundi ya "njoo kesho" tunaijua sote, na shule haina subira ya bibi harusi.

Kianzio: vifaa vya mashati 60 ni 312,000, na oda nzima ni 612,000. Kianzio cha chini ya asilimia 51 kinamaanisha unaikopesha shule. Omba asilimia 60.

Au fanya jambo bora zaidi: shule inunue kitambaa yenyewe, kwa risiti yenye jina la shule, nawe ulipwe ufundi na vifaa vidogo tu. Hapa ndipo zile safu mbili za daftari zinapolipa. Kodi ya mfanyabiashara mdogo inatozwa kwenye mauzo, haitozwi kwenye faida. Kitambaa unachonunua na kumuuzia mteja kinaongeza mauzo yako yote, ingawa faida yake ni kidogo.

Tuseme fundi wetu anapata oda tatu za aina hii kwa mwaka. Akinunua kitambaa mwenyewe, anaongeza 1,836,000 na kufika 11,151,000. Amevuka milioni 11. Juu ya hapo kodi ni asilimia 3.5 ya mauzo yote, yaani 390,285, na anatakiwa pia kuwa na mashine ya EFD ya kutolea risiti. Shule ikinunua kitambaa, bei ya ufundi na vifaa vidogo ni 5,000 kwa shati, oda tatu ni 900,000, mauzo ni 10,215,000 na kodi ni 186,450. Tofauti ya kodi ni 203,835. Faida aliyoiacha kwenye kitambaa ni kama 700 kwa shati, yaani 126,000 kwa mashati 180. Kwa hiyo kununua kitambaa kungemtia hasara, kabla hata hajalipia mashine.

Hii si njia ya kuficha mauzo. Ukinunua kitambaa kwa pesa yako kisha ukaandika ufundi pekee, umedanganya, na risiti za duka la vitambaa zitasema. Ununuzi uwe wa shule kweli. Na siku oda zikiwa kumi badala ya tatu, utavuka milioni 11 kwa vyovyote. Hapo nunua mashine, nunua kitambaa kwa jora, na uongeze faida kwenye kitambaa ili kibebe kodi yake.

Unapokabidhi, nenda na karatasi mbili za makabidhiano zenye idadi kwa kila saizi. Mpokeaji ahesabu mbele yako na kutia saini. Nimewahi kupeleka magunia mawili ya sare getini, nikaambiwa na mlinzi "weka tu hapo", nikaweka. Siku ya malipo zilikosekana sketi 7, na sikuwa na karatasi. Nilizishona upya.

Utajuaje umefaulu: malipo yameingia, na nakala ya ankara, ya makabidhiano na ya stakabadhi ziko kwenye faili moja. Zitunze miaka mitano.

## Hatua ya 7: Cheti cha ufundi na msaidizi

Kama ulijifunza kwa mama mdogo au kwa fundi wa mtaani, huhitaji kurudi darasani miaka miwili. VETA ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi: unapimwa kile unachokijua tayari kwa vitendo, unafundishwa pale ulipopungukiwa, unapewa cheti. Uliza kwenye chuo cha VETA cha mkoa wako tarehe za upimaji. Wanaposhindwa wengi si kwenye kushona bali kwenye kuchora patani kwa vipimo na kueleza kwa maneno kwa nini unafanya hivyo, maana tumezoea kukata kwa jicho. Jizoeze kuchora patani ya shati kwenye karatasi ya kaki, saizi tatu, kabla ya siku hiyo.

Msaidizi wa kwanza usimwajiri kwa sababu umechoka. Umwajiri pale daftari linapoonyesha umekataa kazi za saa 60 au zaidi kwa mwezi, miezi miwili mfululizo. Mlipe kwa kipande wakati wa oda za sare, kwa siku wakati wa kawaida, na kila malipo yatiwe saini kwenye daftari la pili. Mwanzoni mpe vifungo, pasi na kukata nyuzi, kazi za kama dakika 15 kwa kila shati. Kwenye mashati 60 amekurudishia saa 15 za kukaa kwenye cherehani.